Ngazi Ilikuwa Kavu

Kasimiri alianza kuikimbia sinia katikati ya mwezi wa sita. Mafundi wa ile hosteli inayojengwa Mafiga, Morogoro, hula mchana kwa pamoja, watu watano sinia moja ya ugali, na anayejitenga lazima awe na sababu ya kueleweka. Siku ya kwanza alisema tumbo limechafuka. Siku ya pili akasema amefunga. Mansuri, ambaye mdomo wake hauna breki, akamuuliza ni Mkatoliki gani wa Matombo anayefunga wakati Kwaresma imepita zamani. Watu wakacheka, Kasimiri akacheka nao, kisha akaenda kukaa nyuma ya rundo la mchanga na andazi lake, amelishika kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia ulikuwa umemgomea. Akibinya tonge tu, upande wa nje wa kiwiko uliwaka kama umepakwa pilipili. Akiinua mkono kufikia usawa wa bega, bega lilimkata. Usiku hakuweza kulalia upande huo. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu aliona aibu, na kusema anaumwa aliona aibu kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kinara wa kikosi, na ukinara huo alikuwa ameujenga kwa bega hilo hilo.

Kikosi chao kilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, tofali za siku hupandishwa ghorofani kwa ngazi, na wote humfuata anayetangulia. Mzigo anaobeba wa mbele ndio mzigo wa kila mtu. Kasimiri alikuwa ametangulia miaka sita, tofali mbili za inchi tano juu ya bega la kulia, mkono umeinuliwa kuzishikilia, na hakuwahi kugeuka nyuma. Aliyebeba moja aliitwa bi harusi siku nzima. Na kwenye drili ilikuwa hivyo hivyo. Drili yao kubwa ilikuja na mshikio wa pembeni wa kushikia kwa mkono wa pili. Kasimiri aliufungua siku ya kwanza akautupa kwenye sanduku la vyuma chakavu, akisema mwanamume hapewi mkongojo kabla hajazeeka. Basi na wenzake wakatoboa bila mshikio, wameikamata drili kwa nguvu zote na kuisukuma kwa bega, na biti, ile ncha ya kutobolea, ikiwa butu walisukuma zaidi. Kwa watu wazima wenye watoto, ulikuwa ujinga wa hali ya juu, lakini uliwapendeza.

Asiyependezwa alikuwa mmoja tu, Yeremia, mtu wa Gairo, mpole, umri wa kama miaka thelathini na tano. Alibeba tofali moja moja, kwa mikono miwili, imemgusa kifua. Akitoboa, kila baada ya robo saa aliweka drili chini akataka mtu ampokee. Aliwahi kueleza kwamba alipofanya kazi Dodoma kiwiko kilimpa likizo ya miezi minne, na hataki kurudi huko. Kasimiri ndiye aliyecheka wa kwanza. Jina la bi harusi likamganda Yeremia, na aliyelibandika alikuwa Kasimiri.

Ikafika Jumanne moja. Kasimiri alikuwa amechomwa sindano ya maumivu kwenye duka la dawa jana yake, akajiona amepona. Akatangulia na tofali mbili begani. Alipofika katikati ya ngazi, mkono uliokuwa umeshikilia juu ukaishiwa nguvu ghafla, na tofali ya juu ikateleza. Pili, mama anayewauzia chai, alikuwa chini akipanda na birika. Tofali ilipiga birika, ikapasukia hatua mbili mbele ya miguu yake, chai ikamwagika ngazi nzima. Pili alibaki amesimama na kishikio cha birika mkononi.

Msimamizi wao, Mzee Hafidhi, akaja mbio. Akauliza kumetokea nini. Watu wote walimtazama Kasimiri, na Kasimiri, kabla hajafikiri, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nimeteleza. Ngazi ina maji. Yeremia amemwagilia zege, maji yametiririka huku."

Chai ilikuwa imeshalowesha ngazi, kwa hiyo uongo ulipata ushahidi wake hapo hapo.

"Kaka Kasimiri," Yeremia akasema taratibu, "leo bomba sijalifungua bado."

Kasimiri akainama kuokota vipande vya tofali. Alichukua muda mrefu sana kwa vipande vinne. Mzee Hafidhi alikuwa amekiona kile kishikio mkononi mwa Pili, na hasira ilikuwa imempanda. Akamwambia Yeremia achukue vitu vyake aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Yeremia akavaa shati lake, akatoka getini. Hakumtukana mtu. Angetukana, pengine Kasimiri angepumua.

Siku sita baadaye mkono ulikataa hata kuingia kwenye shati. Mkewe Filomena alimkuta chumbani, shati limening'inia upande mmoja, jasho linamtoka.

"Unamficha nani?" akamuuliza. "Mimi ndiye ninayekufulia. Wiki tatu hizi mashati yako yananuka dawa ya kuchua mpaka ndani ya kabati."

Akampeleka hospitali kama anavyopelekwa mtoto, na Kasimiri akakubali kupelekwa.

Kwenye chumba cha mazoezi ya viungo walimkuta mtaalamu mwenyewe, dada mmoja mwembamba aitwaye Angelina. Alimwamkia, "Shikamoo, baba," akamkalisha. Alimwambia anyooshe mkono, akunje kifundo cha mkono kuelekea juu huku yeye akimzuia kwa vidole viwili. Vidole viwili tu vya binti huyo vilimtoa Kasimiri machozi. Akamwambia ainue mkono pembeni, aseme panapoanza kuuma na panapoachia. Akampima nguvu kila upande.

"Nguvu bado ipo, ila inauma," Angelina akasema. "Sioni dalili ya kuchanika kukubwa. Kano za bega na za kiwiko zimechoka. Umezitumikisha kuliko zinavyoweza kujitengeneza. Unafanya kazi gani, baba?"

Akamweleza. Angelina alisikiliza, kisha akaomba aonyeshe anavyobeba na anavyotoboa. Kasimiri akasimama katikati ya chumba, akainua tofali ya hewa begani, akashika drili ya hewa, na kwa mara ya kwanza akajiona alivyo.

"Nichome sindano kali nirudi kazini," akasema.

"Ipo. Inaweza kukupa nafuu wiki chache, halafu kiwiko kikarudi, mara nyingine vibaya kuliko mwanzo. Sitaki kukudanganya. Na kulala kitandani tu nako hakutakuponya. Mkono ukikaa bure unazidi kuwa dhaifu." Akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akamlazia mkono mezani, kiganja kikitazama chini. "Wiki ya kwanza unasukuma ukuta bila kusogeza mkono, unahesabu taratibu. Kisha unakuja kwenye chupa hii. Mkono wa pili unakusaidia kuipandisha, huu unaishusha polepole. Kwa bega tutafunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, uwe unaivuta. Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Yakiwa bado yamezidi kesho yake asubuhi, umepitiliza, punguza. Ni kama miezi mitatu."

"Na kazi?"

"Utarudi, lakini si kwa mtindo ule. Bega si mahali pa kubebea. Tofali moja, mikono miwili, karibu na kifua, au toroli na kapi la kuvutia juu. Kwenye drili rudisha mshikio wa pembeni, biti iwe kali, uiongoze tu, usiikabe. Tundu likiwa juu, inua jukwaa mpaka liwe usawa wa kifua chako. Na kila robo saa mpokeane."

Kasimiri akatazama sakafu. Filomena akafikiri maumivu yamezidi.

"Kuna mtu kazini kwenu anafanya hivyo?" Angelina akauliza.

"Alikuwepo," Kasimiri akasema.

"Basi mfuate yeye. Atakufundisha vizuri kuliko mimi."

Njiani kurudi alitembea ameinamisha kichwa mpaka Filomena akamuuliza kama ameambiwa atakatwa mkono. Hapo ndipo aliposimulia, kuanzia sinia mpaka birika. Alitegemea mkewe amwonee huruma kidogo. Filomena aliuliza kitu kimoja tu, kama huyo Yeremia ana watoto. Anao, watatu. Filomena akageuza uso kutazama milima, na aibu ya Kasimiri ikawa kitu cha kuonekana, kimekaa katikati yao.

Angeweza kumfuata Mzee Hafidhi ofisini, wakazungumza wawili. Alilipima hilo usiku kucha na likamvutia. Lakini uongo aliusema mbele ya watu wote, na alijua kwamba ukweli wa kunong'onezwa ungebaki ofisini. Kwa hiyo alikwenda saa ya sinia. Watu walikuwa wamekwisha nawa. Akasimama.

"Mzee, ngazi ilikuwa kavu," akasema. "Mkono wangu ni mbovu tangu mwezi wa tano, nilikuwa nauficha. Tofali iliniponyoka. Yeremia hakumwaga maji. Niliyasema yale kwa kuogopa ninyi mtajua."

Hakuna aliyecheka. Hata Mansuri aliangalia tonge lake. Kasimiri alikuwa amejiandaa kwa kicheko, na kukikosa kulimuumiza zaidi. Pili, aliyekuwa akikusanya vikombe, akamwambia bila kupandisha sauti, "Ningekufa, ungemsingizia nani?" Mzee Hafidhi akatoa simu, akaenda pembeni kumpigia Yeremia, na alipita mbele ya Kasimiri kama anayepita nguzo.

Yeremia alirudi wiki hiyo hiyo. Kasimiri alirudishwa kwa kazi nyepesi, kupima na kuweka alama za matundu, na kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani alivuta tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya baraza huku watoto wa jirani wakimhesabia. Aliuchimbua mshikio kwenye vyuma chakavu, akausugua kutu, akaufunga kwenye drili. Alimwomba Yeremia msamaha, Yeremia akasema, "Nimesikia," basi. Safari ya kwanza ya asubuhi sasa alitangulia Yeremia, tofali moja kifuani, na kikosi kizima nyuma yake, moja moja. Kasimiri hakuwa kwenye mstari. Alisimama chini akisukuma toroli, na hakuna aliyemwita bi harusi, ingawa kuna siku alitamani waseme tu yaishe.

Mwezi wa tisa Angelina akamruhusu ashike drili. Jukwaa liliinuliwa, tundu likaja usawa wa kifua. Biti mpya ilizama kwenye zege bila kulazimishwa, na kiwiko kilinung'unika kidogo tu. Kasimiri akasikia raha ya zamani ikimpanda, akaanza kusahau. Tundu moja, la pili, la tano. Lilibaki moja ukuta umalizike, na mkono ulikuwa ukisema unaweza.

"Robo saa imekwisha," Yeremia akasema nyuma yake. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. "Nipe, kaka."

Alikuwa hajamwita kaka tangu siku ile ya ngazi. Kasimiri akazima drili, akaliacha tundu lililobaki, akampa.