Jina la Mutabazi Silvère

Mutabazi Silvère aliingia ofisini bila kubisha, akasimama mbele ya meza ya Mukunde na kuibwaga barua mbele yake.

"Ni wewe umeandika mimi ni mwizi?"

Mukunde hakuwahi kumwona mtu huyo. Jina lake alilijua. Wiki hiyo alikuwa akiandaa faili la uhakiki wa wazabuni walioomba zabuni ya shirika lao ya kutengeneza jenereta za vituo vya afya. Kazi yake ilikuwa kuzisoma fomu zao na kutoa humo majina ya wakurugenzi, namba ya usajili, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Kila alichokitoa alikiandikia ukurasa alikokipata, na pembeni akaeleza kama kimethibitishwa au bado. Silvère alikuwa mmoja wa wazabuni hao, mwenye karakana kule mtaa wa mafundi wa Gatsata.

"Sijaandika hivyo," alisema.

"Soma basi! Au kusoma pia iko shida?"

Alisoma. Barua ilisema kampuni yake imeondolewa kwa sababu mkurugenzi wake yumo katika orodha ya watu waliofungiwa na wafadhili. Ilikuwa na sahihi ya Bayingana, mkuu wa ununuzi. Chini kabisa palikuwa na maneno: *Imeandaliwa na Mukunde.*

Faili lenyewe lilikuwa halijafungwa. Kamati ya zabuni ilikuwa haijakaa.

"Bwana Silvère, niachie hii barua. Kaa hapo nje."

"Nje? Nimekimbia na kazi yangu tangu Bujumbura mpaka hapa, nimeanza na spana mbili. Leo msichana wa ofisi ananiambia nikae nje?" Sauti yake ilijaa kwenye korido. Watu wa uhasibu walitoa vichwa milangoni. "Nyinyi mliosoma Uganda na Tanzania mnajifanya wenye nchi. Andika hilo pia kwenye faili lako!"

Mukunde, aliyezaliwa Bukoba na kulelewa huko mpaka kidato cha nne, aliuma midomo. Alitamani kumjibu neno moja tu la kumchoma. Badala yake alifungua kompyuta na kumwacha apige kelele mpaka mlinzi akamtoa.

Kwenye mstari wa Silvère katika faili, yeye mwenyewe alikuwa ameandika: *Jina linafanana na la mtu aliye kwenye orodha, haijathibitishwa.* Sasa palisomeka: *Jina limo kwenye orodha.* Alifungua historia ya mabadiliko. Aliyebadilisha alikuwa Bayingana, jana jioni.

Alimkuta Bayingana akizungumza kwa simu. Bosi wake alimwonyesha kiti kwa kidole, akaendelea kucheka na mtu wa upande wa pili, kisha akakata.

"Yule fundi amekutukana? Pole. Ndiyo maana simtaki."

"Umebadilisha maandishi yangu, bosi."

"Nimeyafupisha. Kamati haina muda wa 'huenda' na 'labda'."

"Haikuwa labda. Nilisema jina linafanana. Fomu yetu haiulizi namba ya kitambulisho, kwa hiyo nilikuwa nasubiri cheti cha usajili."

Bayingana aliegemea kiti. "Mukunde, mwaka jana mtu huyu alituandikia malalamiko mpaka makao makuu, eti tumechelewesha zabuni. Unakumbuka nilivyohojiwa kama mtoto? Kuna wazabuni wengine. Kwa nini unahangaika na huyu?"

"Kwa sababu jina langu liko chini ya barua."

"Basi nitaliondoa," alisema Bayingana. "Na nitalikumbuka."

Cheti cha usajili kilipatikana mchana huohuo. Mukunde alikisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Namba ya usajili ililingana na namba ya mlipakodi, kama ilivyo kwa kampuni za nchi hii, na zote mbili zilikuwa sawa na za kwenye fomu. Mkurugenzi alikuwa mmoja, Mutabazi Silvère, na mbele ya jina lake palikuwa na namba ya kitambulisho. Katika namba hiyo, baada ya tarakimu ya kwanza huja mwaka wa kuzaliwa: 1986. Aliyefungiwa na wafadhili, kwa mujibu wa orodha yao, alizaliwa 1961. Walikuwa watu wawili tofauti wenye jina moja.

Angeweza kuishia hapo. Lakini ilibaki akaunti ya benki. Kwenye fomu, mwenye akaunti hakuwa kampuni. Alikuwa Silvère mwenyewe, kwa jina lake binafsi. Fedha za shirika hulipwa kwenye akaunti yenye jina lilelile la kampuni iliyosajiliwa. Mukunde alilitazama lile jina, akakumbuka maneno ya korido, na akajishtukia akifurahi kwamba amepata kitu. Furaha hiyo ilimchukiza. Aliandika yote mawili, kila moja na ukurasa wake.

Kamati ilikaa siku iliyofuata. Béatha, mkurugenzi wa fedha, ndiye aliyeiongoza.

"Jina lilithibitishwa na nani?" aliuliza.

Bayingana alifungua mdomo, lakini Mukunde alitangulia. "Halikuthibitishwa, madamu. Barua ilitoka kabla. Hiki hapa cheti. Miaka ya kuzaliwa haifanani."

Bayingana alisema kwamba mfanyakazi wake alichelewa kumletea taarifa. Mukunde akaigeuza kompyuta ili Béatha aione historia ya mabadiliko, pamoja na jina na saa. Bayingana hakumtazama tena mpaka kikao kilipoisha.

"Barua ifutwe," Béatha alisema. "Bwana Bayingana, utabaki kidogo. Na akaunti?"

"Akaunti haifai," alisema Mukunde. "Alete barua ya benki ya akaunti ya kampuni, la sivyo asipite."

Silvère alirudi ofisini baada ya siku chache. Safari hii alibisha, ila kwa ngumi. Alitupa barua ya benki mezani.

"Haya. Nimefungua akaunti ya kampuni. Sasa nirudishie heshima yangu."

Mukunde alilinganisha jina na lile la kwenye cheti, herufi kwa herufi, kisha akainua simu. Hakupiga namba iliyokuwa kwenye barua. Alitafuta namba ya tawi kwenye tovuti ya benki na kupiga hiyo.

Silvère aliona. "Bado unaniita mwongo? Mbele ya macho yangu?"

"Barua za benki hughushiwa. Namba ya simu iliyo juu yake inaweza kughushiwa pia."

"Na mimi ndiye nilighushi?"

"Sijasema hivyo."

"Husemi kitu wewe! Unaandika tu!"

Upande wa pili mtu wa benki alimwomba asubiri. Wakasubiri wote wawili, Silvère akipumua kwa nguvu juu ya kichwa chake. Mtu wa benki aliporudi, alithibitisha mwenye akaunti na namba yake. Mukunde alishukuru na kukata simu.

"Iko sawa," alisema. "Kuhusu ile barua ya kwanza, haikustahili kutoka. Pole, bwana Silvère."

Kwa muda Silvère alionekana kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango uliofunguka ghafla. Halafu uso wake ukajifunga tena.

"Pole haitengenezi jina. Gatsata nzima imesikia mimi mwizi. Wateja wawili wamechukua mashine zao." Alichukua kofia yake. "Jenereta zenu mkinipa nitazitengeneza vizuri, kwa sababu ni za wagonjwa. Wewe usinisalimie."

Alitoka. Mukunde alifungua mstari wake, akaandika kwamba akaunti imethibitishwa, tarehe, na jina la mtu wa benki aliyezungumza naye. Nje ya mlango Bayingana alipita bila kugeuza kichwa. Mukunde aliifunga fomu ya Silvère, akavuta ya mzabuni aliyefuata, na akaanza tena na majina ya wakurugenzi.