Kitanda cha Wifi Siku ya Ukaguzi

Wifi yangu aliingia na kitanda cha kusafishia nyuso asubuhi ileile afisa afya anakuja kukagua saluni. Nikajua leo patachimbika.

"Kirudishe kilikotoka," nikamwambia. "Mimi nina cheti cha nywele. Cha urembo wa ngozi sina, na wewe huna hata kimoja. Kibali nimeomba cha nywele tu. Afisa akikikuta hapa, ananinyima."

"Si cheti kipo ukutani? Kinatutosha sote."

Jamani! Ndivyo anavyoamini, kwamba cheti kikishatundikwa kinamfunika kila aliyemo chumbani, kama bati. Nikamweleza tena: cheti ni cha mtu, kibali ni cha chumba na kazi iliyoandikwa. Bila kibali sifungui, na ajira nilishaiacha.

"Unaringia chumba alichokulipia kaka yangu," akasema, akaanza kutandika shuka.

Nikakishika kitanda, nikakitupa nje. Akanizaba kofi. Mimi nami subira sina, nisidanganye, nikamkamata nywele. Akajichomoa, akanirushia kiti. Kioo kikubwa kikapasuka, damu ikanichuruzika sikioni. Akachota dawa ya kulainishia nywele kiganja kizima, akanijia nayo machoni. Nikaudaka mkono, nikaupinda kwa hasira zangu zote, nikamsukumia kwenye sinki. Paji la uso likagonga, sinki likang'oka ukutani, na kiganja chake kikampaka mwenyewe usoni.

Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Dawa ile inaunguza. Chuoni tulifundishwa: ikiingia jichoni ni maji safi, mengi, yanayotiririka, na huachi. Bomba la sinki lilikuwa linamwaga maji sakafuni. Nikamlaza chini yake, nikamkalia kifuani, nikamfumbua kope kwa vidole. Aliniuma mkono hadi nikaona nyota. Sikumwachia.

"We mama, unamuua! Mwachie!"

Afisa afya alikuwa amesimama mlangoni, faili kwapani. Na kweli, ungeona nini pale? Vioo, damu, na mwanamke amemkalia mwenzake kifuani, uso ukiwa chini ya bomba.

"Ameingiwa na dawa machoni! Nikimwachia atapofuka!"

Akainama, akachungulia, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Kisha akatazama ukutani pale sinki lilipong'oka.

"Sinki la kuoshea wateja?"

"Hilo hapo, miguuni kwako."

"Kwa hali hii siwezi kupitisha chumba. Na hili la kupigana nitaliandika."

Nilitaka kumbembeleza. Nilitaka kumwambia kwamba jana nimesugua sakafu hiyo mpaka magoti yamevimba. Machozi yalinitoka, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi, nikaendelea kumwosha huku nikimsikia afisa akiandika.

Gari lilipofika, wifi alifumbua macho, mekundu yote mawili. Akautafuta uso wangu, akanitemea mate. Yalinipata sawasawa.

"Anaona," nikamwambia muuguzi, nikakaa chini kwenye maji.