Kisanduku cha Mama Stoo

"Watu mia na sitini na nne, karatasi moja," Mkurugenzi aliniambia, kana kwamba ananituma chumvi dukani. Wakaguzi walikuwa wanakuja saa nane mchana, na walitaka kuuona muundo wa hospitali yetu ukutani. Mimi ndiye afisa utumishi. Kila kazi isiyo na mwenyewe huishia mezani kwangu.

Saa mbili asubuhi nikampelekea mchoro wa kwanza. Wauguzi thelathini na wanane nilikuwa nimewatandaza mmoja mmoja ubavuni, visanduku vikawa vidogo kama punje za mtama, na mistari imepandana ovyo. Mkurugenzi akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Huyu hapa ni nani?"

Nikainama. Nikashindwa kusoma. Baadaye niligundua ni mimi.

Nikarudi mezani nimefura. Wenye kazi moja nikawatia kisanduku kimoja pamoja na idadi yao: Wauguzi, 38. Wasaidizi nikawashusha chini ya wasimamizi wao kama orodha, badala ya kuwapanga ubavuni. Na ile karatasi moja nikaipuuza kabisa: ukurasa wa kwanza nikabakiza Mkurugenzi na wakuu sita wa idara, kila mmoja na namba ya ukurasa wa idara yake. Maandishi yakanenepa, mistari ikanyooka. Karibu nijipongeze.

Kisha nikafika kwa Mama Stoo.

Huyu ndiye mtunza stoo kuu. Matroni anamwamuru kwa sababu ya shuka na glavu, Mfamasia kwa sababu ya dawa, Fundi Mkuu kwa sababu ya balbu na mabomba. Kwenye mchoro wa kwanza mistari yake mitatu ndiyo iliyokatiza ya wengine. Kwenye huu wa pili ilibidi nimwandike katika kurasa tatu, na hesabu ya wafanyakazi ikapanda ikawa mia na sitini na sita. Nikamfuta, nikamwandika, nikamfuta. Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani.

Kilichoniuma zaidi ni barua iliyokuwa kando ya kibodi. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe jana yake: onyo la tatu kwa Mama Stoo, kwa kukaidi amri ya mkuu wake. Onyo la tatu kwetu maana yake ni kufukuzwa. Jumatatu walimwita wote watatu kwa wakati mmoja, akakimbilia bomba lililopasuka, na wawili waliobaki wakamshtaki. Njia mbili zilimshinda fisi, na huyu tulimpa tatu. Kikao chake kilikuwa saa tano.

Saa tano nikaingia na barua pamoja na mchoro. Wakuu watatu wamekaa, Mkurugenzi mbele yao, Mama Stoo amesimama mlangoni na funguo zake mkononi.

"Kabla ya barua," nikasema, "Mama Stoo yuko chini ya nani?"

"Yangu," wakajibu watatu kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Mchoro unataka mstari mmoja. Wengine wawili nitawaandikia maelezo tu pembeni. Atakayebaki ndiye atakayemsainia likizo, atamjazia tathmini, na leo atawajibu wakaguzi kuhusu stoo."

Matroni akakohoa. "Muulize Mfamasia."

"Mimi nachukua dawa tu," Mfamasia akasema.

"Sasa mimi na balbu mbili tatu?" Fundi Mkuu akadakia.

Nilichukia mpaka masikio yakawaka moto. Nikawaambia hivyohivyo: mnajua kumwita, hamjui kumlea.

Mkurugenzi akajifuta uso. "Mweke chini yangu."

Nikachora mstari mmoja, mfupi, ulionyooka. Hakuna ulichokatiza. Kisha nikamsogezea barua, nikamwonyesha nafasi ya sahihi: *Mkuu wake wa kazi*.

"Sahihi ni yako sasa, mkuu. Jumatatu ulimwamuru nini akakaidi?"

Akashika kalamu, kisha akaiweka chini. "Mimi? Sijamwamuru kitu."

"Basi barua haina mwenyewe."

Akaikunja, akanirudishia. Nikaichana palepale, wala sikuomba ruhusa.

Mama Stoo hakushukuru mtu. Alikuja mezani, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akaiweka mbele ya Mkurugenzi.

"Kama ndiye wewe, baba, nisainie na hii."

Ilikuwa fomu ya likizo. Matroni alikuwa ameandika juu yake "aende kwa Mfamasia", Mfamasia "aende kwa Fundi", na Fundi "aende kwa Matroni". Tarehe ya kuombwa ilikuwa ya miaka minne iliyopita.