Maneno ya Bibi Yapata Wekundu

Katika tasnifu yake, Rukaya aliandika kwa uaminifu maneno ya marehemu bibi yake wa kijiji cha Msimbu: shamba likinyamaza, mvua imeghairi. Mfumo wa kukagua wizi wa maandishi wa chuo chake, Kibaha, ukayapaka wekundu. Yalikuwemo, neno kwa neno, kwenye tasnifu ya mtu asiyemjua.

"Madamu, wallahi sikuiba."

"Najua," alisema msimamizi wake, Yosefina. "Mashine hulinganisha maneno, haijui nia. Huyo naye, ameandika hapa, alimhoji bibi yako. Weka alama za kunukuu, umtaje bibi. Ukipenda kueleza kwa maneno yako, ijenge sentensi upya, na bado umtaje."

Rukaya alinukuu. Wekundu ulibaki, lakini Yosefina akaikubali kazi.

Ndipo Rukaya akaifungua ile tasnifu. Humo, baada ya maneno yale, bibi aliendelea: "Mjukuu wangu atakuja kuyauliza hayahaya."

Tasnifu hiyo iliandikwa kabla Rukaya hajazaliwa.