Mstari wa Kwanza wa Pongezi

Katika grupu la WhatsApp la ukoo wa Wangwe hakuna aliyethubutu kutoa pongezi kabla ya Millicent. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo, lilitokea tu. Grupu lilikuwa na watu sitini na tatu: Waluo wa Homa Bay, wakwe wa Kikuria, wakwe wa Kisii, na mkamwana mmoja wa Machakos aliyelalamika kwamba Kijaluo kinamwacha nje kama mgeni aliyekosa kiti. Basi wakakubaliana kuandikiana Kiswahili. Na Kiswahili cha kupendeza, kile cha "tunakutakia kila la heri katika safari yako mpya", alikuwa nacho Millicent, mjane aliyekuwa na duka la vitabu na kalamu pale Suna, mjini Migori.

Maneno hayakuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa emoji. Ukiwaangalia watu wa grupu lile ungedhani kila mmoja anachagua zake, lakini wapi! Walisubiri Millicent aweke mstari wa kwanza, wakabonyeza, wakanakili, wakabandika. Akiweka kofia ya mahafali na makofi matatu, zilifuata kofia hamsini na makofi mia na hamsini. Akisahau kofia, mtu aliyesoma miaka minne Chuo Kikuu aliambulia makofi matupu. Millicent alilijua hilo, na hebu tuseme ukweli, alilipenda.

Alikuwa na sheria zake. Aliyehitimu alipata 🎓 na 📜. Aliyepata kazi alipata 💼 na 👏🏾, ila kama kazi yenyewe ni ya kibarua aliongeza 💪🏾 ili mtu asijione ameachwa. Njiwa na mshumaa aliviogopa kama moto, maana hivyo ni vya matanga. Hata nje ya ukoo watu walimtumia. Jirani yake Sainab, mwenye duka la vitambaa, alipotaka kumpongeza binti yake Nasteha kwa kuhitimu pale Rongo, Millicent alimwandikia "Mashallah, hongera mwanangu", akaondoa zile glasi za kugonganishwa ambazo Sainab alikuwa amezinakili kwa mtu bila kuziangalia. Sainab alipoambiwa ni za pombe alishika kichwa.

Na watoto? Hapo palikuwa na jambo ambalo Millicent hakuwahi kuliandika popote. Mtoto wa kiume alipata 👶🏾🍼🎉💃🏾, kisha taji, kisha simba: 👑🦁. Mtoto wa kike wa kwanza alipata yote hayo isipokuwa taji na simba. Wa pili alipata mtoto na chupa. Wa tatu alipata mikono iliyokutanishwa, 🙏🏾, na "Mungu ni mwema". Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa anasoma nyuso za watu tu, akaziweka kwenye simu.

Linet, mke wa mwanawe Jared, alikuwa na wasichana watatu. Alikuwa Mkuria, binti wa marehemu Gichana, mwanamke wa maneno machache ambaye akikuangalia unajikuta unanyoosha kitambaa chako. Mimba ya nne ilipofika miezi minane alimpigia Millicent simu.

"Mama, nataka kukuomba kitu. Usicheke."

"Sema, nyar Kuria," Millicent alijibu; ndivyo alivyomwita, binti wa Wakuria.

"Huyu akikuja, awe msichana, awe kijana, niwekee zile ulimwekea Monicah."

Monicah alikuwa mke wa Willis, mtoto wa mzee Wangwe, ambaye akina Linet walimwita Baba Willis. Alikuwa amejifungua mvulana mwezi wa pili, na grupu lilinguruma simba siku mbili nzima.

"Linet, hizo ni picha tu za simu," Millicent alisema.

"Kama ni picha tu, si ni rahisi kuweka? Mama, Baba Willis anamwambia Jared aoe mwingine. Jared hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anangoja kuona wewe uko upande gani. Ukiweka taji hapo mbele ya watu wote, wewe mama yake, watanyamaza. Nawajua."

Millicent aliahidi. Tena aliahidi kwa moyo wote. Alimpenda Linet kuliko alivyowapenda baadhi ya watoto aliowazaa mwenyewe, na alikuwa akisema hivyo hadharani.

Jumamosi moja saa nne asubuhi Jared akapiga simu kutoka Homa Bay. Alikuwa fundi wa injini za boti na kwa kawaida alizungumza kwa sauti ya kushindana na injini. Siku hiyo ilibidi Millicent aingie nyuma ya rafu za madaftari ili amsikie.

"Amejifungua. Wako salama. Ni msichana."

"Mungu asifiwe!"

"Ee. Wewe andika tu, mama."

Millicent alikaa juu ya katoni ya karatasi, akafungua grupu. Akaandika: *Hongera sana Jared na Linet kwa kumpata binti mrembo. Karibu duniani, malkia wetu.* Akaweka mtoto, akashikilia kidole mpaka rangi za ngozi zikajitokeza, akachagua ile iliyofanana na Linet. Akaweka chupa, fataki, mchezaji. Akaweka taji. Simba alikuwa mbali, chini ya wanyama wengine, kwa kuwa hakuwa amemtumia tangu mwezi wa pili. Akampata. Alikuwa bado hajatuma.

Hapo juu ya kioo ukatokea ujumbe wa faragha kutoka kwa Wangwe, kaka mkubwa wa marehemu mume wake na mwenye grupu, aliyemwita Min Jared, yaani mama Jared.

*Min Jared, nimesikia. Andika kwa kiasi. Tusifanye watu wafikiri tumeridhika.*

Hakuna tusi lililokuwemo, wala tishio. Wangwe hakuwa mtu wa kelele. Ni yeye aliyesimama na Millicent mumewe alipokufa, na tangu hapo Millicent alikuwa amezoea kumkubalia kabla hajamaliza sentensi. Alisoma ujumbe ule mara tatu. Alijiambia kwamba hasira ya mzee inaweza kumuumiza Linet zaidi, kwamba atamweleza Linet ana kwa ana, kwamba taji ni taji tu. Mtu mwoga hakosi sababu.

Akamfuta simba. Akafuta taji. Kidole kikishaanza kufuta hakina breki: akafuta mchezaji, fataki, chupa, mtoto, na yale maneno ya malkia na binti mrembo. Kilichokwenda kwenye grupu kilikuwa hiki:

*Hongera Jared na Linet kwa mtoto wa kike. Mungu ni mwema.* 🙏🏾

Dakika moja haikupita. Wangwe: 🙏🏾. Willis: 🙏🏾. Yule wa Machakos: 🙏🏾. Monicah akajitahidi kuwa mwema: *Usijali dada, ijayo itakuwa kijana* 🙏🏾.

Simu humpa mtu robo saa ya kuhariri alichotuma. Millicent alilijua hilo, na ile robo saa aliikaa yote juu ya katoni. Mteja aliingia, akaulizia kalamu nyekundu, akaondoka bila kujibiwa. Mara mbili alifungua ujumbe wake, akagusa pale pa kuhariri, akaliona taji kati ya emoji alizotumia. Lakini akibadilisha wake, ile mikono ya wengine itabaki palepale, na Wangwe ataona. Dakika ya kumi na mbili Jared mwenyewe, baba wa mtoto, aliandika chini ya maneno ya mama yake: 🙏🏾.

Robo saa ikaisha.

Jumatatu alisafiri kwenda Homa Bay na unga wa uji, kuku, na shali ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Alimkuta Linet ameketi kitandani chumbani mwake, mtoto kifuani. Wasichana wakubwa walikuwa shuleni na yule mdogo alikuwa kwa jirani. Linet alimpokea vizuri, akamwomba radhi kwa kutoinuka, akampa mtoto. Ilikuwa heshima kamili, na Millicent angependa kutukanwa kuliko kupewa ile heshima.

"Nilitoka kwa grupu, mama. Natumai haukukasirika."

"Linet, sikiliza. Baba Willis aliniandikia..."

"Mikono arobaini na nane," Linet alisema. "Niliihesabu pale wodini. Baba yangu alipokufa mliweka hiyo hiyo. Sasa mimi nikashika mtoto wangu, nikamwangalia kama anapumua."

Millicent alianza kulia. Linet alimngoja amalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue avuke barabara.

"Jared yuko wapi?" Millicent aliuliza.

"Wameenda Rongo na Baba Willis. Kuna familia wanaenda kuona, iko na msichana." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilimwambia Jared, mama yako hatakubali. Akanionyesha simu. Akasema, hata mama hakuridhika, soma mwenyewe."

Millicent alimshika mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatoa simu kwenye mkoba.

"Naweka sasa. Naweka mbele yako. Wataona niko wapi."

Hakutafuta maneno, maneno yangemchelewesha na uoga ungemkuta njiani. Akabonyeza 👶🏾🍼🎉💃🏾👑🦁, kisha taji tena, simba tena, akatuma. Akageuza simu ili Linet aone.

Grupu liliamka papo hapo. Willis: 👑🦁. Wa Machakos: 🎉💃🏾👑🦁. Shangazi wa Suna, binamu wa Rongo, wakwe wa Kisii, taji juu ya taji, simba juu ya simba, watu walikuwa wamenakili kabla ya kuuliza. Kwa kitambo kidogo uso wa Linet ulilegea. Alisogea, akainamia simu.

Kisha Monicah akaandika: *Hongera jamani!!* 👑🦁 *Nani huyo amepata kijana?*

Kila mtu alikuwa akimngoja mwenye mstari wa kwanza. Wangwe, huko Rongo alikokuwa, akaandika: *Min Jared, ni nani?*

"Wajibu, mama," Linet alisema taratibu. "Jina ni moja tu."

Millicent aliandika L. Akaandika i. Akilini alimwona Wangwe ameketi kwenye kiti cha watu, Jared kando yake, simu mikononi, wenyeji wakiwaangalia. Aliona aibu atakayowapa. Akafuta i. Akafuta L. Linet alikuwa akiangalia kila herufi.

*Samahani,* Millicent aliandika, *nilibonyeza kimakosa.* 🙏🏾

Linet akanyoosha mikono akamchukua mtoto wake.