Michubuko Mitano Shingoni

Mama wa binti alinitaka niandike "alikabwa". Nilikataa, akaninunia. Binti aliletwa hospitali hajitambui, na ripoti yangu ilitoka kwenye faili lake la matibabu tu.

Mahakamani, wakili wa mume wa binti, ambaye ndiye mshtakiwa, akanichekea. "Daktari, hukuandika kwamba alikabwa?"

"Sikuandika. Wala kwamba alianguka ngazini, ingawa ulinipigia simu mara tatu uniombe."

Kicheko kikamkauka.

"Soma ulichoandika," hakimu akaamuru.

Nikasoma kwa sauti: "Michubuko minne ya mviringo, imefuatana upande wa kushoto wa shingo. Mmoja, mkubwa zaidi, upande wa kulia."

Karani aliacha kuandika, akapeleka mkono wake wa kulia shingoni mwake. Vidole vinne kushoto, gumba kulia.