Uvimbe Usiouma wa Shangazi

Jamani, subirini niwape habari za shangazi yangu. Ni mwalimu wa udereva, mdomo hauna breki, na pajani, mguu wa kushoto, alikuwa na uvimbe. Ulianza kama limau. Miezi michache baadaye ukawa kama chungwa, suruali zikaanza kumbana upande mmoja. Yeye anacheka tu. Aliubatiza "mpangaji."

"Kwani hauumi?" namuuliza.

"Ungeuma ningeshaufukuza zamani. Mpangaji mstaarabu huyu, hata kelele hapigi."

Hapo ndipo tulipokosea wote, mimi na digrii yangu nikiwemo. Kwetu kisichouma si ugonjwa. Hata zahanati alipoulizwa, alijibu kwa majivuno: "Hauumi hata chembe!" Tabibu akaubonyeza mara moja, akasema ni mafuta tu. Akaandikiwa aende hospitali kubwa, utolewe kwa ganzi, jioni awe kwake.

Siku ilipofika, shangazi akalala kitandani na lile gauni linalofungwa mgongoni, anawatania manesi. Akaingia daktari wa upasuaji, mama mfupi asiye na haraka, kalamu ya kuchora ngozi mkononi. Akaushika uvimbe, akausukuma huku na huku.

"Mama, kaza paja. Kama unakanyaga klachi."

Shangazi akakanyaga hewa. Uvimbe ukaganda palepale.

"Legeza."

Ukacheza.

"Kaza tena."

Ukaganda. Daktari akafunika kalamu yake.

"Leo hatukati."

"Hatukati vipi? Nimeshavua kila kitu!"

"Uvimbe wa mafuta mara nyingi unakaa juu, chini ya ngozi tu. Huu umezama kwenye msuli, ni mkubwa, na unaendelea kukua. Huenda si kitu. Huenda ni sarkoma, kansa ya nyama laini. Kutokuuma hakunipi jibu, maana sarkoma nyingi haziumi. Sijui bado, mama, na nisipojua sikati."

"Si uutoe, halafu maabara wakwambie?"

"Nikiupasua bila kujua mipaka yake, nitaacha mabaki na kumwaga chembechembe zake kwenye nyama safi. Damu ya kidonda itazisambaza. Atakayerudia kazi yangu itabidi akate kila nilipogusa, na huenda hapo akaondoka na mguu."

Gauni likaacha kuchekesha.

"Basi nichome sindano sasa hivi, uchukue kinyama cha kupima, tumalize!"

"Picha kwanza. Sindano inavujisha damu ndani, picha inachafuka. Halafu haichomwi popote tu. Siku ya upasuaji njia ya sindano inatolewa pamoja na uvimbe, kwa hiyo pa kuchoma panakubaliwa na yule atakayekata."

Kwenye korido shangazi alichemka. Kuna daktari mtaani, alisema, anatoa vitu hivi kwa nusu saa, anakupa na soda.

"Shangazi," nikamwambia, "mwanafunzi wako haoni mbele, ukungu mtupu, anataka kukanyaga mafuta. Unamfanyaje?"

"Namkanyagia breki mimi mwenyewe."

"Eehe?"

Akanitazama kama nimemkwangulia gari. "Kanifuatie nguo zangu, wewe mtoto, na ufunge huo mdomo." Lakini mtaani hakwenda.

Alipigwa picha ya MRI, ile mashine inayogonga kama mafundi bati. Uvimbe ulionekana ndani ya msuli wa mbele, umepakana na mshipa mkubwa wa damu, ila haujauzunguka. Ndipo ikaja sindano. Wakamtia ganzi, wakatoa vinyama vyembamba kama nyuzi. Wakapiga na picha ya kifua, kwa sababu ugonjwa huu ukisafiri hupenda mapafu.

Majibu yalipotoka tulikaa mbele ya yule daktari mfupi. Akasema bila kuzunguka: sarkoma. Mapafu safi. Wataanza na mionzi, kisha watautoa mzima, umefunikwa na nyama salama pande zote, mtu asiuguse wenyewe.

"Na mguu?" Sauti ya shangazi ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Tunapanga ubaki. Sehemu ya msuli itaondoka, utafanyishwa mazoezi ya kutembea. Ningeupasua uvimbe ile siku, nisingeweza kukwambia hivi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akanipa leso yake bila kunitazama, akatoa simu na kumpigia meneja wa shule ya udereva.

"Wanafunzi wangu wagawe. Naumwa."

Nilimsikia meneja akiuliza panauma wapi.

"Hakuna panapouma," shangazi akasema. "Naumwa."